Ami anataka nifute jukwaa mbele ya Ngome

Shikamoo Bibi,

Mimi ni kijana wa Lamu. Kazi yangu ni kuhariri picha na kupanga kurasa: kadi za harusi, mabango ya maduka, na msimu ukikaribia, brosha za watembeza watalii. Ami yangu, ambaye anatembeza wageni mjini kwetu tangu sijazaliwa, ameniletea kazi ya brosha yake mpya. Ni karatasi moja ya A4 inayokunjwa sehemu tatu, nakala 2,000. Picha kubwa ya ndani inapita sehemu zote tatu, nayo ni Ngome ya Lamu ikitazamwa kutoka uwanja wa Mkunguni. Kaipiga rafiki yake mpiga picha, na ni nzuri, ila upande wa kulia kuna jukwaa la mafundi wanaokarabati ukuta. Miti imesimamishwa na kufungwa kamba, mbao zimelazwa juu yake, na pembeni kuna turubai la buluu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kikaratasi kwa mkono wake: "Mwanangu, nitolee zile fito mbele ya Ngome. Wageni wanataka kuona Ngome, hawajaja kuona fito. Kwako ni kazi ya dakika kumi. Ami wako."

Bibi, baba alipofariki ni ami aliyenilipia karo. Hata kompyuta ninayofanyia kazi alichangia kuinunua. Sijawahi kumkatalia neno. Lakini picha hii nimeifungua mara nne na mara zote nimeifunga. Kila nikianza kufuta najikuta nauchora ukuta kutoka kichwani mwangu. Na mgeni akifika akalikuta jukwaa, je? Mwenzangu kazini ananicheka, anasema hakuna brosha isiyofutwa kitu. Mafundi wamesema watamaliza baada ya wiki nane. Mchapaji anataka faili baada ya siku 12. Nifanyeje nisimvunjie ami heshima, nami nafsi yangu itulie?

Mhariri wa Picha, Lamu

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijaandika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye meza ya picha, kwa hiyo nitaomba tuitazame kwanza picha yenyewe. Habari ya ami tutaifikia, na nadhani itakuwa nyepesi zaidi tukiwa tumeshajua hasa anachokuomba.

Ami kaandika "fito", lakini kwa maelezo yako mna vitu vitatu mle: miti iliyosimama, mbao zilizolazwa, na turubai. Umevibeba vyote kama mzigo mmoja, na huenda ndiyo sababu unaifunga picha kila ukiifungua. Kila kimoja kinaficha kitu chake nyuma, na hakuna kinachofutika kama kingine.

Tuanze na miti, kwa sababu nashuku unaiogopa kuliko inavyostahili. Unaitazama kwenye kioo cha kompyuta, umeikuza, na kila mti umekuwa kama mlingoti. Msomaji hataiona hivyo. Tuseme picha ina pikseli 6,000 kwa upana, na mita moja ya ukuta imechukua pikseli 120. Mti wenye unene wa sentimita 10 utakuwa na pikseli 12. Sasa karatasi ya A4 iliyolala ina upana wa milimita 297, na kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, picha nzima itashuka hadi pikseli 3,500 hivi. Mti wako utabaki na pikseli saba. Kwenye karatasi hiyo ni kama nusu milimita na kidogo, unene wa mstari wa kalamu. Chapa nakala moja kwa kipimo chake halisi, ikunje, iweke mezani, kisha rudi nyuma hatua moja utazame. Nahisi kitakachokuvuta jicho ni ile buluu ya turubai, maana ndiyo rangi pekee mle isiyokuwa ya mawe, mbao wala mbingu.

Ukiona miti bado inakera, kuna njia ya kuitoa bila kubuni hata jiwe moja, ila lazima urudi Mkunguni na kamera. Watu watakushauri upige picha nyingi kutoka sehemu moja kisha uache programu izichanganye. Njia hiyo hufuta wapita njia na punda kwa sababu wao wanasogea, na kila kipande cha ukuta hupata zamu yake ya kuonekana. Jukwaa halisogei, kwa hiyo wa kusogea ni wewe. Miti ya jukwaa haigusi ukuta, imesimama mbele yake kwa kiasi cha mita moja. Ukiwa umesimama mita 30 kutoka ukutani, ukienda kulia mita tatu, mti utaonekana umehama kwa sentimita 10 juu ya ukuta, yaani unene wake mwenyewe. Ukienda mita nne au tano, ile sehemu iliyokuwa imefichwa sasa iko wazi kabisa. Piga ya katikati, piga ya kulia, piga ya kushoto, urefu wa lenzi usiuguse. Ukifika nyumbani unazilaza juu ya ile ya katikati na kuzinyoosha hadi mistari ya ukuta ikae pamoja, na kwa kuwa ukuta ni bapa zitakaa vizuri. Kisha unaziba mahali pa mti kwa ukuta wa kweli uliopatikana kwenye picha ya pembeni. Zana za kufutia, Clone Stamp na Healing Brush, hazina kazi hapo ila kulainisha mapengo madogo.

Mpaka wa njia hii uujue. Mbao zilizolala hazitoki kwa kwenda kulia na kushoto. Ungelazimika kupanda juu au kushuka chini ili zihame, na kutoka uwanjani huwezi. Na kivuli nacho hakihami ng'o, kwa sababu kiko juu ya ukuta wenyewe. Hili nalisema kwa uchungu. Zamani niliwahi kufuta nguzo mbele ya jengo la kale hapa pwani, nikaridhika, nikatuma faili. Karatasi ziliporudi kutoka kwa mchapaji ukuta ulikuwa na mistari saba ya kijivu iliyolala mshazari, vivuli vya nguzo ambazo hazipo tena. Mteja aliiona kabla yangu. Ngome ukiitazama kutoka Mkunguni inapokea jua la asubuhi likitoka upande wa bahari, na jua hilo la pembeni ndilo linalorefusha vivuli. Siku ya mawingu mepesi vivuli hivyo havipo. Picha itapungua uzuri kidogo, lakini itakuwa na ukuta unaoweza kuufanyia kazi.

Sasa turubai. Hapo, mwanangu, mkono wako ulikuwa na haki ya kusita. Nyuma ya miti unaona ukuta kwa vipande, na unachofanya ni kuunganisha. Nyuma ya turubai huoni kitu. Chochote utakachokiweka pale umekitoa mahali pengine: ama umekinakili kutoka upande wa kushoto wa Ngome, ama umekitoa kwenye picha ya zamani. Unaponakili, jicho la msomaji hukamata marudio kabla hajajua amekamata nini. Doa lenye umbo fulani likitokea mara mbili, au ufa mmoja ukijirudia mita tatu mbele, picha huanza kunuka uongo hata kwa mtu asiyejua kuhariri. Picha ya zamani ni afadhali, mradi imepigwa kutoka karibu na sehemu ileile na jua likiwa upande uleule.

Lakini jiulize, nyuma ya turubai lile kuna nini leo? Ngome ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kazi iliyoanza 1813 na kumalizika 1821. Fundi anayekarabati ukuta wa namna hiyo kwanza hubandua plasta iliyokufa. Akikuta mahali palipozibwa kwa saruji huitoa pia, maana saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, na jiwe hubabuka nyuma yake. Ndipo hupaka chokaa upya, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na kila moja lisubiriwe. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka maji peke yake. Hurudi kuwa jiwe kwa kunywa hewa ya ukaa polepole, na likiachwa jua kali liikaushe haraka hupasuka. Kazi nyingine ya turubai ni hiyo, kuweka kivuli na unyevu. Kwa hiyo ule ukuta wenye mabaka ya umri unaotaka kuuziba hapo huenda umeshabanduliwa, na ule mpya bado haujashika. Ami akimpeleka mgeni pale baada ya kazi kumalizika, upande wa kulia utakuwa mweupe kuliko wa kushoto, mpaka masika mawili matatu yaupitie. Picha yako iliyosafishwa haitafanana na Ngome ya leo, wala haitafanana na Ngome ya mwisho wa mwaka.

Hapo nataka nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Hii brosha itasomwa lini? Nakala 2,000 si za wiki moja. Kwa mtembeza watalii mmoja zinaweza kukaa misimu miwili. Kama mafundi watashusha jukwaa baada ya wiki nane kama walivyosema, basi picha yenye jukwaa, ile unayoihesabu kuwa ya kweli, itakuwa si ya kweli kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mgeni wa Januari atatafuta jukwaa na hatalikuta. Sisemi hili ili kukusukuma upande wa ami. Nasema kwa sababu umeipima picha kwa siku iliyopigwa, na ami anaipima kwa siku ambayo mgeni atasimama Mkunguni. Vyote viwili ni vipimo vya haki. Shida ni kwamba kipimo cha ami kimeegemea zile wiki nane, na chokaa haisikii ahadi. Mvua ikinyesha wakati tabaka bado bichi, au wakibandua wakakuta jiwe la ndani limeoza, wiki nane huwa miezi mitano, na mimi nimeona jukwaa likizeeka ukutani hadi kamba zake zikabadilishwa.

Kwa hiyo nenda ukamwone fundi mkuu mwenyewe, usitegemee maneno ya barazani. Usimuulize "mtamaliza lini", kwa sababu swali hilo kila fundi ana jibu lake la adabu. Muulize ni tabaka la ngapi wanapaka sasa, na kama upande wa juu umeshabanduliwa wote. Akikwambia wako kwenye tabaka la mwisho, kufuta miti ni kutangulia ukweli kwa wiki chache. Akikwambia bado wanabandua, uamuzi wako una uzito mwingine.

Njia zilizo mbele yako si kufuta au kukataa tu. Waweza kuibadilisha picha ya ndani, ukamwomba mpiga picha apige upande wa kushoto peke yake, au meno ya juu ya ukuta na mbingu, au uwanja na mti wa mkungu na watu wake, Ngome ikiwa nyuma yao. Hasara yake ni kwamba ami anataka Ngome nzima, na anayo sababu. Ndiyo inayotambuliwa haraka na mtu ambaye hajawahi kufika. Waweza kutumia picha ya kabla ya ukarabati na kuandika mwaka wake pembeni kwa herufi ndogo. Hiyo haina uongo hata chembe, ila inaweza kumfanya mgeni ajiulize kwa nini hamna mpya. Waweza kuchapa nakala 300 sasa kwa mashine ya kidijiti na kuzibakiza nyingine mpaka jukwaa lishuke. Kila nakala itakuwa na bei ya juu kidogo, lakini ami hatafungwa na picha moja kwa misimu miwili. Na waweza kufuta, kisha ukaandika chini ya picha kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni wake: "Jukwaa la ukarabati limeondolewa kwenye picha hii." Mstari huo hauna urefu, na nimeona wageni wakiusoma na kuuliza maswali mazuri. Kuna watembeza watalii wanaouogopa, wanahisi unamwamsha mgeni aliyelala. Wewe unamjua ami kuliko mimi.

Mambo mawili ya karatasi, kwa ufupi. Picha si yako, na huenda si ya ami pia, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa aliyeipiga haki ya kupinga kazi yake ikigeuzwa kwa namna inayomharibia jina. Mpigie simu. Mara nyingi jibu ni "fanya tu, ndugu yangu", na pengine ana picha nyingine mfukoni za siku hiyohiyo zilizopigwa hatua chache pembeni, na hizo ndizo unazozihitaji. La pili, Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, nayo haipendi bidhaa au huduma inayotangazwa kwa sura isiyokuwa yake. Sidhani kama mgeni atakwenda mahakamani kwa ajili ya fito. Nakutajia kwa sababu brosha hubeba jina la ami na namba yake ya simu, wala haina jina lako popote.

Na hapo ndipo namfikia ami. Umemwandika kama mtu aliyetoa amri, na wewe kama mtoto wa kutii au kukaidi. Mimi nimekisoma kile kikaratasi mara kadhaa na nasikia sauti nyingine. "Kwako ni kazi ya dakika kumi." Mtu huyu hajui amekuomba nini. Hajawahi kukaa karibu nawe ukatenganisha mti na kivuli chake. Anadhani ni kama kufuta chaki ubaoni, na hakuna aliyemwonyesha vingine. Kumwonyesha si kumkatalia. Chapa karatasi tatu za kipimo halisi: moja ya picha ilivyo, moja ambayo umetoa turubai peke yake, moja ambayo umetoa vyote. Mpelekee baada ya alasiri, wakati hana wageni, mkae. Usianze na maneno. Mwachie azitazame, na umsikilize anasema nini kuhusu ile ya tatu, yeye ambaye ukuta ule ameupita kila siku kwa miaka yote hiyo. Nina hakika atakuonyesha kosa ambalo mimi na wewe hatungeliona.

Kisha muulize anaogopa nini. Labda msimu uliopita mgeni alilalamika. Labda brosha ya jirani ina Ngome safi na anahisi ataachwa nyuma. Majibu hayo mawili hayatibiwi na dawa moja. Na mkumbushe kwa heshima, kama swali, kwamba mtu atakayesimama Mkunguni siku ile mgeni akiinua brosha na kuilinganisha na ukuta ni yeye. Wewe utakuwa ofisini. Atasema nini? Ami wako ni mtu wa maneno, bila shaka anawaeleza wageni jinsi Ngome ilivyofanywa gereza 1910 ikabaki gereza hadi 1984, na jinsi mji huu ulivyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Huenda ana la kusema kuhusu mafundi wanaochanganya chokaa chini ya miti ile. Huenda hana, na hataki. Ni haki yake pia, maana ndiye anayekula kwa safari hiyo.

Karo aliyokulipia naielewa. Sitakwambia uisahau, wala sidhani kwamba inakudai ufanye kazi ambayo mkono wako unaisusia. Lakini angalia usije ukambebesha ami hofu yako ya kumkatalia ikageuka kuwa hasira juu yake, na yeye hajasema lolote zaidi ya mistari minne. Hata ukifikia kufuta kila kitu, faili la asili lihifadhi, ufutaji wako uuweke kwenye tabaka lake peke yake ndani ya faili, ili siku akikwambia "mwanangu, rudisha", irudi kwa kubofya mara moja.

Una siku 12. Kesho asubuhi tazama mbingu. Kama kuna mawingu mepesi, beba kamera uende Mkunguni kabla uwanja haujajaa, upige ile ya katikati na zile za pembeni, hata kama hujui bado utazitumia. Na ukimkuta fundi ameshuka kunywa chai, muulize lile swali la tabaka.

Nisalimie ami.